Ada ya uhamisho, urefu wa mkataba na vitabu vya klabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi ya uhasibu hapa Tanga, na jioni za wikiendi nakaa kwenye kibanda umiza Ngamiani na watu wanaoujua mpira kuliko mimi. Dirisha la usajili likifunguliwa, maswali yanaelekezwa kwangu. Inakuwaje klabu moja inunue mtu kwa pauni zaidi ya milioni 100 na isiguswe, halafu nyingine iliyotumia kidogo inyang'anywe pointi? Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila msimu. Majibu yanafuatana, kwa hiyo ukiruka la kwanza, ya chini yatakusumbua.

Klabu ikinunua mchezaji, kwa nini bei yote haihesabiwi kuwa gharama ya mwaka huo huo?

Anza na fremu ya duka. Tuseme umepata fremu nzuri barabara ya 12, na aliyemo ndani anataka kilemba cha shilingi milioni 10 ndipo akuachie mkataba wa miaka 5 uliobaki. Kodi ya kila mwezi iko pembeni, utaendelea kuilipa. Siku unapotoa kilemba, milioni 10 zimetoka mfukoni kweli. Lakini siku hiyo hujapata hasara ya milioni 10. Umenunua haki ya kufanya biashara pale kwa miaka 5.

Ukiandika milioni 10 zote kwenye gharama za mwaka wa kwanza, mwaka huo duka litaonekana limekufa, na miaka minne inayofuata litaonekana linang'ara, ilhali wateja ni wale wale na mauzo ni yale yale. Kwa hiyo unagawa: milioni 2 kila mwaka. Mkataba ukiisha, haki imeisha, na kilemba nacho kimekwisha kwenye daftari.

Ada ya uhamisho ni kilemba. Mshahara wa mchezaji ni kodi ya mwezi. Klabu hainunui mtu, inanunua haki ya kumsajili, na haki hiyo ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38, kinachohusu mali zisizoshikika, kinaagiza igawanywe kwa muda inaotumika. Wahasibu wanauita mgawo huo amotaizesheni. Mimi hapa nitasema mgawo wa mwaka tu. Kile ambacho bado hakijagawanywa kinaitwa thamani ya kwenye vitabu, na hiyo ndiyo namba ya kuikumbuka, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaizunguka.

Tupe mfano wa mtu tunayemjua.

Mbwana Samatta. Januari 2020 Aston Villa walimchukua kutoka Genk ya Ubelgiji kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Bei rasmi haikutangazwa. Vyombo vya habari vya England viliitaja kuwa kama pauni milioni 8.5. Nitaisogeza hadi milioni 9 ili mgawo utoke bila vipande.

Milioni 9 kwa miaka minne na nusu ni milioni 2 kwa mwaka. Msimu ule wa kwanza alikaa nusu mwaka, kwa hiyo vitabu vya Villa vilibeba milioni 1 tu, pamoja na mshahara wake. Thamani ya kwenye vitabu ikabaki milioni 8.

Septemba 2020 akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Hapa ndipo wengi wanapokosea kibandani. Mkopo hausimamishi mgawo. Haki ya usajili bado ni ya Villa, na miaka ya mkataba inaendelea kuhesabika hata kama mchezaji yuko Istanbul. Kinachopungua kwa Villa ni mshahara, endapo klabu iliyomchukua inaulipa, na kinachoongezeka ni ada ya mkopo kama ipo. Kufikia kiangazi cha 2021 mwaka mwingine umekwenda, milioni 2 nyingine zimekatwa, imebaki milioni 6.

Kwa namba zetu hizi, klabu ingemuuza wakati huo kwa milioni 7 ingeandika faida ya milioni 1. Ingemuuza kwa 4, hasara ya milioni 2 yote ingeingia mwaka huo huo kwa mkupuo. Ile bei ya mwanzo, milioni 9, haiulizwi tena na mtu. Faida au hasara ya kuuza inapimwa na kilichobaki kwenye vitabu.

Kwa hiyo mkataba ukiwa mrefu, mchezaji anakuwa nafuu?

Anakuwa mwepesi kwa mwaka. Nafuu ni neno jingine.

Mfano mzuri ni Enzo Fernández. Dirisha la Januari 2023 lilipokuwa linafungwa, Chelsea walimtoa Benfica kwa pauni milioni 106.8 na kumpa mkataba hadi 2031, yaani miaka minane na nusu. Gawa: kama milioni 12.6 kwa mwaka. Kwa mkataba wa miaka 5 wa kawaida, mchezaji huyo huyo kwa bei hiyo hiyo angebeba milioni 21.4 kwa mwaka. Tofauti ni karibu milioni 9 kila msimu, kwa mchezaji mmoja. Fanya hivyo kwa wachezaji wanane au tisa na utaona jinsi klabu ilivyopata nafasi ya kuendelea kununua.

Sasa geuza upande wa pili wa karatasi. Baada ya miaka miwili na nusu, kwenye mkataba mrefu zimekatwa kama milioni 31.4 tu, na kwenye vitabu bado ana kama milioni 75.4. Kwenye mkataba wa miaka 5 angebaki na milioni 53.4. Klabu ikitaka kumuuza wakati huo bila hasara, kwa mkataba mrefu lazima apatikane mnunuzi wa zaidi ya milioni 75. Kwa mkataba mfupi, hata milioni 60 ingekuwa faida.

Mchezaji akiwaka, hakuna shida, anapanda bei kuliko vitabu. Akififia ndipo mkataba mrefu unapouma. Thamani ya vitabu iko juu, mshahara wake umefungwa kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe hana haraka ya kuondoka kwa sababu hakuna klabu nyingine itakayomlipa vile. Utasikia anapelekwa mkopo, mwaka huu kule, mwaka ujao huku. Ukiona mchezaji ghali anazungushwa mikopo namna hiyo, mara nyingi jibu liko kwenye mizania: kumuuza kwa bei ya soko kungefungua hasara ambayo klabu haiko tayari kuionyesha mwaka huo.

Huo mwanya si ulizibwa?

Ulizibwa, lakini kwa mbele tu. UEFA waliweka kikomo kuanzia Julai 2023, na Ligi Kuu ya England ikapiga kura Desemba 2023 kufuata njia hiyo hiyo: kwa hesabu za kanuni za matumizi, ada igawanywe kwa miaka isiyozidi 5, hata mkataba uwe wa miaka 8. Mikataba iliyokwisha kusainiwa haikuguswa, ila mikataba mipya na inayoongezwa.

Zingatia kwamba hakuna aliyekataza mkataba wa miaka 8. Klabu bado inaweza kumfunga kijana kwa muda mrefu ili asiondoke bure. Kilichokatazwa ni kutawanya gharama yake kupita miaka 5 mbele ya wasimamizi.

Lakini FIFA si inasema mkataba mwisho miaka 5?

Ndivyo kanuni zake zinavyosema, na kwa aliye chini ya miaka 18 mwisho ni miaka 3. Ila kwa wakubwa kuna mlango: muda mwingine unaruhusiwa ikiwa sheria ya nchi inaukubali. England inaukubali.

Kanuni za matumizi zenyewe zinapima nini?

Katika kanuni ya faida na uendelevu ya Ligi Kuu ya England, maarufu kama PSR, klabu inaruhusiwa kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu ikijumlishwa, sawa na milioni 35 kwa msimu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo lazima mwenye klabu aifunike kwa mtaji wake. Misimu iliyochezwa daraja la chini inahesabiwa milioni 13 tu kila mmoja. Fedha zilizokwenda kwenye akademi, timu ya wanawake, jamii na ujenzi wa viwanja zinaondolewa kwenye hesabu kwanza.

Kwa hiyo msimamizi haulizi mmenunua watu kwa shilingi ngapi. Anauliza: mapato, ukitoa mishahara, mgawo wa mwaka na gharama nyingine, ukajumlisha faida ya kuuza wachezaji, vinawaacha wapi? Ndiyo maana klabu inaweza kutangaza manunuzi ya milioni 200 na kubeba milioni 40 tu kwenye hesabu ya mwaka huo.

UEFA kwa upande wao wameongeza kipimo cha gharama za kikosi dhidi ya mapato. Mishahara, mgawo wa mwaka na malipo ya mawakala yanajumlishwa, na jumla isizidi asilimia fulani ya mapato. Walianza na asilimia 90, wakashuka hadi 80, na kufikia 70. Ligi Kuu ya England nayo imepiga kura kuhamia kipimo cha aina hiyo kuanzia msimu wa 2026/27, kwa asilimia 85. Hata huko mgawo wa mwaka unabaki ndani ya hesabu, kwa hiyo urefu wa mkataba utaendelea kuwa na uzito.

Kwa nini klabu zinauza vijana wa akademi waliokulia hapo hapo? Hawana uchungu?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Mtoto aliyelelewa klabuni hana ada ya uhamisho, kwa hiyo thamani yake kwenye vitabu ni sifuri. Akiuzwa kwa milioni 40, karibu zote ni faida, na zinaingia mwaka huo huo. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 60 mwaka jana kwa mkataba wa miaka 5 ana milioni 48 kwenye vitabu. Akiuzwa kwa milioni 50 anatoa faida ya milioni 2 tu. Mhasibu akiulizwa nani auzwe ili shimo lizibwe kabla ya mwezi wa sita kwisha, karatasi inamwonyesha kijana wa nyumbani.

Nottingham Forest wanaonyesha jinsi jambo hili linavyobana. Kwa sababu misimu miwili kati ya mitatu walikuwa daraja la chini, kikomo chao kilikuwa milioni 61, yaani 35 na 13 mbili. Hesabu zao zilifungwa mwisho wa Juni 2023. Walikuwa na Brennan Johnson, zao la akademi yao, na walijua kuna wanaomtaka. Wakaona wakisubiri watapata bei nzuri zaidi, na kweli wakaipata: Septemba 1, 2023 alikwenda Tottenham kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 47.5.

Tatizo ni tarehe. Mauzo ya Septemba yanaingia mwaka wa hesabu unaofuata. Vitabu vilivyofungwa Juni vilionyesha wamezidi kikomo kwa milioni 34.5. Linganisha namba hizo mbili utaona uchungu wenyewe: faida ya kijana mmoja ingetosha kuziba shimo lote na ikabaki, kama ingeingia miezi miwili mapema. Wakajitetea kwamba walikuwa wanatafuta bei ya haki, tume huru iliyosikiliza shauri lao haikukubali kuwa huo ni udhuru wa kuvuka kikomo, na Machi 2024 wakakatwa pointi 4. Zingekuwa 6, zikapunguzwa kwa sababu walikiri mapema na kutoa ushirikiano.

Mimi naona tume ilikuwa sahihi kwa kanuni ilivyoandikwa. Lakini kanuni inayoilazimisha klabu kumuuza kijana wake kwa bei ya chini mwezi wa sita badala ya bei ya juu mwezi wa tisa ina kasoro, na sioni aibu kulisema.

Mnunuzi akilipa kwa awamu, si gharama inagawanyika yenyewe?

Hapana. Awamu ni habari ya fedha taslimu, mgawo ni habari ya vitabu. Rudi kwenye fremu: hata ukikubaliana kulipa kilemba kwa awamu tatu, bado unagawa milioni 10 kwa miaka 5. Na klabu iliyouza inaandika faida yake yote mara moja, hata kama awamu ya mwisho italipwa baada ya miaka mitatu. Ndiyo maana klabu inaweza kuonyesha faida nono na wakati huo huo ikahangaika kulipa mishahara.

Mkataba ukiongezwa katikati, kunatokea nini?

Kilichobaki kwenye vitabu kinagawanywa upya kwa miaka mipya. Mchezaji amebakiza milioni 40 na miaka 2: mgawo ni milioni 20 kwa mwaka. Akisaini mkataba mpya unaomfikisha miaka 5 kutoka leo, zile milioni 40 zinagawanywa kwa 5, zinakuwa 8. Klabu imepumua milioni 12 kwa mwaka bila kuuza mtu. Lakini hakuna anayesaini mkataba mpya kwa mshahara wa zamani, kwa hiyo kabla ya kushangilia, angalia mshahara umepanda kiasi gani. Ukipanda kwa milioni 6, nusu ya nafuu imekwisha.

Akivunjika mguu na asicheze tena?

Kilichobaki kwenye vitabu kinafutwa chote kuwa hasara ya mwaka huo. Majeraha ya kawaida ya miezi michache hayabadilishi kitu.

Mchezaji huru je, ni bure kweli?

Ada ya uhamisho ni sifuri, lakini malipo ya wakala yanaingia kwenye gharama ya usajili na kugawanywa kama ada. Na mshahara wake huwa mkubwa, maana anajua klabu imeokoa kilemba, naye anataka sehemu yake. Uzuri wake unaonekana siku ya kumuuza: vitabuni hana karibu kitu.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Coastal Union na African Sports?

Yanatuhusu kuliko watu wanavyodhani. Leseni ya klabu kwa mashindano ya CAF inadai hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi akifika atauliza usajili umeandikwaje. Niliwahi kuombwa kupanga vitabu vya klabu moja ndogo. Nilipewa daftari la kaunta ambamo ada ya winga aliyesaini miaka 3 imeandikwa mstari mmoja chini ya jezi na mstari mmoja juu ya mafuta ya basi. Yote ilikuwa gharama ya mwezi ule. Mwaka huo klabu ilionekana imefilisika, na mfadhili aliyeletewa karatasi ile akarudi nyuma. Tulipoiandika upya, shilingi milioni 18 kwa miaka 3, gharama ya mwaka ikawa milioni 6 na picha ikabadilika. Hakuna senti iliyoongezeka. Ziliandikwa tu mahali pake.

Kwetu mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo mgawo hauna pa kutawanyika, na hatari kubwa iko kwingine: kijana anamaliza mkataba Mkwakwani na kuondoka bila kulipiwa chochote. Thamani yake vitabuni ilikuwa sifuri, kwa hiyo hesabu haionyeshi hasara yoyote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Vitabu havina mahali pa kuandika fedha ambazo zingepatikana kama angeongezewa mkataba mwaka mmoja kabla.

Nikitaka kupiga hesabu mwenyewe, nifanyeje?

Mistari mitatu inatosha:

```
mgawo_wa_mwaka = (ada + wakala) / miaka_ya_mkataba
thamani_vitabuni = (ada + wakala) - mgawo_wa_mwaka * miaka_iliyopita
faida_ya_kuuza = bei_ya_kuuza - thamani_vitabuni
```

Kwa hesabu za kanuni, miaka ya mkataba isizidi 5 kwa mikataba mipya. Nyongeza zinazotegemea mabao au makombe usiziweke mpaka iwe wazi kwamba zitalipwa.

Hesabu za klabu za England zinapatikana bure kwenye tovuti ya Companies House. Andika jina la kampuni ya klabu, fungua hesabu za mwaka, kisha tafuta neno `amortisation`. Utakuta jedwali linaloanza na gharama ya wachezaji wote, walioongezwa, waliouzwa, na chini kabisa kilichobaki. Jina la mchezaji mmoja mmoja halimo. Gawa kile kilichobaki kwa mgawo wa mwaka huo, na utapata makadirio ya miaka ambayo gharama hiyo bado itakaa mabegani mwa klabu.